Namba c na n₀ hutoka wapi?

*Shikamoo mwalimu. Tulipewa tuthibitishe kwamba 3n² + 20n log₂ n + 50 ni O(n²), tena tutaje c na n₀. Niligawanya kwa n², nikaona jibu linakaribia 3 kadiri n inavyokua, nikaandika c = 3 na n₀ = 1. Nimekosa. Mwenzangu kaandika c = 73 kapata, mwingine kaandika c = 4 naye kapata. Inakuwaje majibu mawili yanayopishana hivyo yawe sahihi, halafu langu lililo karibu zaidi liwe kosa?*

Marahaba. Hesabu yako ya kikomo haina tatizo: ukigawanya kwa n² unabaki na 3 + 20(log₂ n)/n + 50/n², na vipande viwili vya mwisho vinayeyuka n ikikua. Tatizo ni kwamba uwiano huo unaikaribia 3 kutoka juu. Weka n = 1000, utapata kama 3.199. Weka n = 1,000,000, utapata kama 3.0004. Hautashuka kamwe hadi 3 yenyewe, kwa sababu 20n log₂ n + 50 ni zaidi ya sifuri kwa kila n kuanzia 1. Kwa hiyo, tukiiita f(n) ile 3n² + 20n log₂ n + 50, sentensi f(n) ≤ 3n² ni ya uongo kwa kila n, si kwa zile ndogo tu, na hakuna n₀ yoyote inayoweza kuiokoa.

Kikomo kilikupa habari mbili nzuri. Kwanza, dai ni la kweli. Pili, c yako lazima iizidi 3. Namba yoyote juu ya 3 itafaa, hata 3.001, ila ukibana hivyo n₀ yako itakwenda hadi karibu 370,000. Ingekuwa swali ni 3n² − 20n, hapo uwiano ungeikaribia 3 kutoka chini na c = 3 ingekubalika. Kwa hiyo unapotumia kikomo kutafuta c, jiulize kila mara: ninakifikia kutoka upande gani?

Sasa kuhusu majibu mawili yaliyo sahihi. Maana ya f(n) ni O(g(n)) ni kwamba zipo konstanti mbili, c na n₀, zote chanya, ambazo kwa kila n ≥ n₀, f(n) ≤ c·g(n). Sentensi hiyo ina mpangilio, na mpangilio wake ndio kila kitu. Ichukulie kama mchezo wa watu wawili. Wewe unatangulia kutaja c na n₀, kisha unanyamaza. Mpinzani wako, akiwa amekwisha kuzisikia, anachagua n yoyote aitakayo mradi isipungue n₀. Akipata hata moja inayoifanya f(n) iizidi c·g(n), umeshindwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba c iwe ndogo kuliko zote, wala n₀ iwe ya kwanza kabisa. Unatakiwa kuonyesha jozi moja tu inayokubali. Ndiyo maana wenzako wote wawili walishinda, kila mmoja kwa jozi yake.

Njia ya 73 ndiyo ya mkato. Kila kipande kinapandishwa mpaka kifanane na n². Kipande cha 3n² kiache kilivyo. Kwa n ≥ 1, log₂ n ≤ n, hivyo 20n log₂ n ≤ 20n². Na kwa n ≥ 1, 1 ≤ n², hivyo 50 ≤ 50n². Jumlisha: 3 + 20 + 50 = 73. Basi f(n) ≤ 73n² kwa kila n ≥ 1, yaani c = 73, n₀ = 1. Mistari mitatu, umemaliza. Kwa mtihani unaodai tu "thibitisha", ningeandika hii na kusonga mbele. Lakini usisahau kutaja kwa nini log₂ n ≤ n. Inatosha kusema kwamba n < 2ⁿ kwa kila namba nzima n ≥ 1 (n ikiongezeka kwa 1, upande wa kulia unajizidisha mara mbili), kisha ukachukua logi pande zote.

Njia ya 4 inahitaji kazi zaidi, ila ndiyo inayofundisha. Umeshatumia 3 kwa kipande kikubwa, umebakiwa na akiba ya 1, yaani n² moja nzima. Vipande vidogo viwili, 20n log₂ n na 50, vinapaswa kutosha ndani ya akiba hiyo:

20n log₂ n + 50 ≤ n²

Hapa swali limegeuka kuwa: kuanzia n ipi? Wengi huanza kubahatisha. Jaribu n zilizo vipeo vya 2, kwa sababu logi zake ni namba nzima. Kwa n = 128, logi ni 7, na ukigawanya pande zote kwa n unadai 140 na ushee ≤ 128. Haikubali. Kwa n = 256, logi ni 8, unadai 160 na ushee ≤ 256. Inakubali kwa nafasi tele. Basi chukua n₀ = 256.

Lakini angalia: umethibitisha kwa n moja tu. Mpinzani atachagua 257, au 1,000,003. Hapa ndipo karatasi nyingi hupoteza alama: mwanafunzi anaonyesha inakubali pale n₀ kisha anaandika "kwa hiyo kwa kila n ≥ n₀" bila kitu chochote katikati. Lazima useme ni nini kinachozuia hali isigeuke mbele ya safari. Katika swali letu kinachozuia ni kwamba (log₂ n)/n hushuka tu kuanzia n = 3 na kuendelea. Ukichukua mteremko wa (ln x)/x unapata (1 − ln x)/x², ambao ni hasi kila x inapozidi e, yaani 2.718 na ushee. Kwa hiyo kwa n ≥ 256,

(log₂ n)/n ≤ 8/256 = 1/32.

Zidisha kwa 20n², utapata 20n log₂ n ≤ 0.625n². Na kipande cha 50: n² sasa haipungui 65,536, hivyo 50 ≤ 0.001n². Jumla, f(n) ≤ 3.626n² ≤ 4n² kwa kila n ≥ 256. Uthibitisho umekamilika, na hata imebaki chenji.

Kama hutaki kugusa mteremko, kuna njia ya kugawa kwa vipeo vya 2. Kila n iko kati ya 2ᵏ na 2ᵏ⁺¹ kwa k fulani, kwa hiyo log₂ n < k + 1 wakati n ≥ 2ᵏ. Ili log₂ n ≤ n/32, inatosha k + 1 ≤ 2ᵏ⁻⁵. Kwa k = 8 inadai 9 ≤ 8, haikubali. Kwa k = 9 inadai 10 ≤ 16, sawa, na kuanzia hapo kushoto kunaongezeka 1 wakati kulia kunajizidisha mara mbili. Utaishia na n₀ = 512 badala ya 256. Umelipa kidogo kwa kukwepa kalkulasi, na hakuna atakayekudai tofauti hiyo.

Utauliza: n ya kwanza kabisa ni ipi kwa c = 4? Hiyo unaweza kuiachia kompyuta:

```python
from math import log2

def f(n):
    return 3*n*n + 20*n*log2(n) + 50

mbaya = [n for n in range(1, 5000) if f(n) > 4*n*n]
print(max(mbaya))
```

Itachapa 143, maana yake kuanzia 144 mambo ni sawa hadi pale programu ilipoishia. Mimi huitumia kama kipimo cha kujikagua: kama nimeandika n₀ = 256 na programu inachapa 300, najua kuna mahali nimekosea. Ila haithibitishi chochote. Chukua dai kwamba n log₂ n ≤ 30n. Ukikagua kila n kutoka 1 hadi bilioni moja, hutaona hata moja inayolipinga, kwa kuwa logi ya bilioni moja ni 29.9 hivi. Na dai ni la uongo kwa kila n inayozidi 1,073,741,824, ambayo ni 2³⁰. Kompyuta imekagua namba bilioni nzima na bado imekudanganya.

Mfano huo huo unaonyesha jinsi ya kupinga dai la O. Ukitakiwa kuonyesha kwamba n log₂ n si O(n), unakaa kwenye kiti cha mpinzani. Mtu mwingine anataja c na n₀, nawe unatafuta n. Chukua n yoyote inayozidi 2ᶜ na isiyopungua n₀: hapo log₂ n > c, basi n log₂ n > cn. Ona kwamba n yako imetegemea c yake, na hiyo ni halali kwa sababu yeye alitangulia. Kinyume chake ni marufuku. Ukimwona mtu ameandika "chukua c = log₂ n", amemsubiri mpinzani aseme n kwanza ndipo naye achague c. Kwa mtindo huo kila kitu kingekuwa O ya kila kitu.

Upande wa chini, yaani Ω, una mtego wake. Tuseme unataka kuonyesha kwamba n²/2 − 10n − 6 ni Ω(n²). Sasa unahitaji f(n) ≥ c·n². Katika O ungeweza kuvitupa vipande vya kutoa bila maelezo, kwa kuwa kuvitupa kunaikuza f. Hapa kuvitupa ni kumwibia mpinzani. Lazima uvilipe. Una n²/2; itenge nusu yake, n²/4, iwe ndiyo c yako, na nusu iliyobaki ilipe madeni. Deni ni 10n + 6, akiba ni n²/4. Igawe akiba mara mbili: n²/8 ilipe 10n, hilo linakubali kuanzia n = 80; n²/8 nyingine ilipe 6, hilo linakubali tangu n = 7. Chukua iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Basi c = 1/4, n₀ = 80.

Ukitatua n² − 40n − 24 ≥ 0 kwa kanuni ya kipeo cha pili, utaona kwamba n = 41 tayari inatosha. Hakuna faida kuihangaikia, isipokuwa swali limeomba hivyo. Ninachokuomba ushike ni kwamba kila deni linazaa n₀ yake, na n₀ ya mwisho ni kubwa kuliko zote. Ukichukua ndogo, baadhi ya madeni yatakuwa bado hayajalipika.

Nimalizie na mahali ambapo kosa la konstanti linajificha vizuri zaidi, nalo utakutana nalo karibuni kama bado: rikarensi, yaani fomula ya T(n) inayojirejea yenyewe kwa n iliyo ndogo zaidi. Chukua algoriti ya kupanga kwa kugawa na kuunganisha, tuiandike hivi:

T(1) = 1, na T(n) = 2T(⌊n/2⌋) + n kwa n ≥ 2.

Mtu anasema: nadhani T(n) ni O(n). Anachukulia T(⌊n/2⌋) ≤ c⌊n/2⌋, anaingiza, anapata T(n) ≤ cn + n, anaandika "ambayo ni O(n), imethibitika". Jibu ni la uongo, na uthibitisho unaonekana safi kabisa. Kosa liko wapi? Alianza na c, amemaliza na c + 1. Aliahidi cn, kaleta (c + 1)n. Ngazi inayofuata italeta c + 2, halafu c + 3, na kwa kuwa idadi ya ngazi ni kama log₂ n, "konstanti" yake mwishoni inakua pamoja na n. Ni yule yule aliyemsubiri mpinzani, ila sasa kajificha nyuma ya induksheni. Dawa yake ni moja: ndani ya induksheni usiandike alama ya O hata mara moja. Andika c waziwazi, na mstari wa mwisho urudishe cn ile ile uliyoanza nayo, herufi kwa herufi.

Fanya vivyo hivyo kwa dai la kweli, T(n) ≤ c·n log₂ n. Ingiza:

T(n) ≤ 2c⌊n/2⌋ log₂⌊n/2⌋ + n ≤ cn(log₂ n − 1) + n = cn log₂ n − (c − 1)n.

Mara hii n iliyozidi ina mahali pa kwenda: inalipwa na cn iliyopungua kwenye logi. Kama c ≥ 1, kilichobaki hakizidi cn log₂ n. Hatua imepita.

Imebaki kuanzia wapi. Kwa n = 1, log₂ 1 = 0, na dai linasema 1 ≤ 0. Msingi huo hauwezekani kwa c yoyote, hata milioni. Wanafunzi huogopa hapa, wakati maana ya O yenyewe imewapa ruhusa ya kuiruka: n₀ si lazima iwe 1. Weka n₀ = 2. Lakini basi hakikisha kwamba hatua ya induksheni haikurudishi kamwe kwenye T(1). Kwa n ≥ 4, ⌊n/2⌋ haipungui 2, sawa. Kwa n = 2 na n = 3, ⌊n/2⌋ ni 1, hivyo hizo mbili zinahesabiwa kwa mkono. T(2) = 2·1 + 2 = 4, na dai linadai 4 ≤ 2c, basi c ≥ 2. T(3) = 2·1 + 3 = 5, na 3 log₂ 3 ni kama 4.75, kwa hiyo c = 2 inatosha na kubakiza. Hatua ilidai c ≥ 1, msingi umedai c ≥ 2, chukua kubwa: c = 2, n₀ = 2.

Kuna wakati dai ni la kweli na bado induksheni inakataa kwa kitu kidogo. Kwa T(n) = 2T(⌊n/2⌋) + 1, na T(1) = 1, ukidhani T(n) ≤ cn unapata cn + 1, na hiyo 1 haifutiki hata c iwe kubwa kiasi gani. Usiikuze c, punguza ahadi. Dhani T(n) ≤ cn − 1. Ukiingiza unapata 2(cn/2 − 1) + 1 = cn − 1, sawasawa na ulichoahidi. Msingi T(1) = 1 unadai 1 ≤ c − 1, basi c = 2. Kwa hiyo T(n) ≤ 2n − 1 kwa kila n ≥ 1. Inashangaza kidogo kwamba dai gumu zaidi ndilo rahisi kulithibitisha, lakini sababu yake ni ya kihesabu: ulipotoa 1 kwenye ahadi, hatua ilikurudishia 1 mara mbili, moja ikalipa deni na nyingine ikabaki kwenye ahadi.

Kwa karatasi yako basi, mstari wa kwanza uwe "Chukua c = 4 na n₀ = 256". Ulivyozipata, kwa kubahatisha na kujaribu vipeo vya 2, ni siri yako ya karatasi ya rafu. Msahihishaji anataka kuona kwamba baada ya mstari huo hakuna namba iliyobadilishwa.